Tangi la choo linalotoa jasho wakati wa masika: kulibandika sponji ndani au kulilisha maji ya tangi la juu?

Katika nyumba ya shangazi yangu iliyoko Chumbageni, Tanga, kuna vyoo viwili vya kukaa vilivyonunuliwa siku moja katika duka moja, vyote vikiwa na matangi ya kauri yenye ujazo wa lita tisa. Kila mwaka mvua za masika zinapokolea, tangi la choo cha ndani hulowa tangu kwenye mstari wa maji hadi chini, matone yakaanguka juu ya marumaru, na ifikapo jioni pamekuwa na dimbwi dogo nyuma ya bakuli. Tangi la choo cha uani halijawahi kudondosha hata tone moja. Fundi bomba aliitwa mara mbili. Mara ya kwanza alibadilisha vioshi vya nati za chini, mara ya pili akabadilisha bomba la kuingizia maji, na mara zote mbili dimbwi lilirudi.

Nilipomwamkia shangazi mwezi Mei, kabla hata sijaketi alinishika mkono akanipeleka chooni. "Mwanangu, nimeshalipa mara mbili na sakafu bado inateleza. Niambie, tangi limepasuka au nimeibiwa?" Halikuwa limepasuka. Lakini swali lake lilistahili jibu lenye uthibitisho, na uthibitisho huo ndio unaopaswa kutangulia kabla mtu hajachagua dawa yoyote kati ya hizi ninazozilinganisha.

Jasho au uvujaji?

Njia ninayoiamini ni rangi ya chakula. Funga koki ya tangi, tia nusu kijiko cha rangi nyekundu ndani ya maji ya tangi, kausha kauri yote kwa nje kwa kitambaa, kisha tandaza karatasi ya chooni sakafuni na usiguse chochote kwa nusu saa. Karatasi ikilowa maji mekundu, kuna nati au mpira unaovuja, na fundi ana kazi yake. Ikilowa maji meupe na koki pamoja na kiungio chake ni kikavu, hilo ni jasho. Rangi ikionekana ndani ya bakuli, basi mpira unaoziba tundu la chini la tangi umechoka na maji yanapita kimyakimya.

Jambo hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mpira unaopitisha glasi moja tu ya maji kwa dakika, yaani takribani mililita 200, hupitisha lita 288 kwa siku, na kila lita inayotoka hufuatwa na lita nyingine ya baridi inayoingia. Tangi lenye mpira mzima hupata joto kidogo kidogo katikati ya matumizi na jasho lake hukoma, lakini tangi lenye mpira mbovu halipumziki usiku wala mchana. Katika choo cha shangazi rangi ilitokea ndani ya bakuli baada ya dakika kumi na tano, na karatasi ya sakafuni ililowa maji meupe. Matatizo yalikuwa mawili, na moja lilikuwa linalichochea jingine.

Kwa nini tangi moja lilie na jingine likauke

Hewa yenye unyevu ikigusa kitu kilichopoa vya kutosha, sehemu ya mvuke wake hugeuka maji juu ya kitu hicho. Kiwango cha joto ambacho mgeuko huo huanzia huitwa nyuzijoto ya umande, na hutegemea joto la hewa pamoja na wingi wa unyevu wake. Alasiri ile chooni kwa shangazi hewa ilikuwa nyuzi 29 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 85, hali ambayo ni ya kawaida katika pwani yetu wakati wa masika. Kwa hewa ya namna hiyo nyuzijoto ya umande ni takribani 26. Kitu chochote chenye ubaridi chini ya hapo kitatoa jasho, kiwe kauri, chuma, glasi au plastiki.

Niliwasha mashine ya kupima joto la chakula, nikaizamisha katika matangi yote mawili. Maji ya choo cha ndani yalikuwa nyuzi 24. Maji ya choo cha uani yalikuwa nyuzi 28. Maelezo yote yamo katika tofauti hiyo, na chanzo chake ni mabomba. Choo cha ndani kinalishwa moja kwa moja na pampu inayovuta maji kutoka tangi la zege lililochimbiwa ardhini, ambalo hujazwa na maji ya bomba la mtaani. Maji ya mji wa Tanga hutoka bwawa la Mabayani katika mto Zigi, mto unaoanzia katika milima ya Usambara Mashariki, na wakati wa mvua nyingi maji hayo hufika yakiwa yamepoa, kisha tangi la ardhini huyatunza na ubaridi wake. Choo cha uani kinalishwa na tangi la plastiki lililoko juu ya mnara mfupi, ambalo hupigwa na hewa na jua kutwa nzima.

Maji yanayokaa hewani huifuata hewa. Hata mawingu yakitanda, maji ya tangi la juu hukaribia joto la hewa inayolizunguka, na nyuzijoto ya umande haiwezi kupanda juu ya joto la hewa yenyewe. Ndiyo maana tangi la uani halilii hata alfajiri: hewa imepoa, lakini umande nao umeshuka, na maji bado yamehifadhi joto la jana.

Msomaji asiye na kipimajoto anaweza kuupata ukweli huu kwa glasi mbili. Jaza moja kwa maji ya tangi la chini au ya bomba la mtaani na nyingine kwa maji ya tangi la juu, zikaushe vizuri kwa nje, kisha ziweke chooni saa ile ile ambayo jasho huwa jingi. Baada ya dakika kumi, glasi itakayokuwa na ukungu ndiyo itakayokuonyesha maji yasiyofaa kulisha tangi lako. Glasi zote mbili zikiwa na ukungu, unyevu wa chumba chenyewe umezidi, na huenda unatokana na kuoga kwa maji ya moto ndani ya chumba kilichofungwa.

Sponji ndani ya tangi

Dawa ya kwanza ya kweli ni kuweka kizuizi kati ya maji na kauri ili kauri isipoe. Nasisitiza kuwa sponji hubandikwa ndani. Ukilivika tangi sponji kwa nje, hewa yenye unyevu hupenya kwenye nafasi ndogo zilizobaki nyuma yake, jasho hutokea humo humo usipoliona, na baada ya miezi michache utakuta kuvu jeusi.

Sponji ya godoro haifai hata kidogo, kwa sababu hunywa maji, na sponji iliyolowa hupitisha ubaridi karibu sawa na maji yenyewe. Inayotakiwa ni sponji ngumu yenye vitundu vilivyofungwa, ya jamii ile inayotengenezewa kandambili na mikeka ya mazoezi. Ukiminya kipande chake ndani ya ndoo ya maji na kukiachia, kisipokunywa maji ndicho chenyewe. Kwa hali niliyoieleza, yaani hewa ya nyuzi 29 na maji ya nyuzi 24, unene wa milimita 10 huinua joto la uso wa nje wa kauri kutoka kama nyuzi 24 na nusu hadi karibu 27 na nusu, ambazo ziko juu ya umande. Unene wa milimita 6 huufikisha uso huo karibu nyuzi 27, kiwango kinachotosha bila kuacha nafasi kubwa ya kukosea.

Kazi yenyewe huhitaji siku mbili kwa sababu ya kukausha. Koki ikishafungwa na tangi kumwagwa, maji yaliyobaki chini hufyonzwa kwa kitambaa, kauri husuguliwa ili utelezi wote utoke, kisha tangi huachwa wazi likipulizwa na feni hadi likauke kabisa, kwa kuwa silikoni haishiki juu ya kauri yenye unyevu. Kata kwanza vipande vya boksi kulingana na kuta nne na sehemu ya chini, uvijaribu ndani, ndipo ukate sponji kwa kufuata vipimo hivyo. Ukingo wa juu wa sponji upite mstari wa maji kwa sentimita mbili au tatu. Boya lazima lipande na kushuka bila kugusa sponji, na tundu la chini pamoja na vichwa vya skrubu viachwe wazi. Silikoni ipakwe kwenye kingo zote bila kuacha mwanya, kisha iachwe saa 24 kabla ya maji kurudishwa.

Kuna mambo matatu ambayo wanaoisifu njia hii huyapitia juujuu, na mimi naona ndiyo yanayoamua.

La kwanza ni ujazo. Katika tangi la lita tisa, sponji ya milimita 10 kuzunguka kuta zote na chini hula karibu lita mbili. Choo kilichokuwa kinasafisha kwa lita tisa sasa kinasafisha kwa saba, na kama bakuli ni la zamani, mtu ataflashi mara mbili na kuingiza maji ya baridi mara mbili. Unaweza kuinua boya kidogo ili kufidia, mradi maji yabaki walau sentimita mbili chini ya mdomo wa bomba la kumwagia ziada. Kwa tangi la lita sita nisingetumia unene zaidi ya milimita 6.

La pili ni mwanya. Maji yakipata njia nyuma ya kipande kimoja, eneo hilo la kauri huanza kulia kama zamani, na utaliona kwa nje kama doa la jasho lenye umbo la kipande chenyewe. Hakuna dawa hapo isipokuwa kukibandua, kukausha na kurudia.

La tatu ndilo zito zaidi. Sponji hulikinga tangi peke yake. Bomba la kuingizia maji hubaki baridi, na bakuli hupokea maji yale yale ya nyuzi 24 kila linaposafishwa, kwa hiyo navyo huendelea kutoa jasho. Bomba linaweza kuvikwa mrija wa sponji, lakini bakuli halina cha kuvikwa.

Maji ya tangi la juu

Dawa ya pili ni kuacha kulilisha tangi la choo maji ya baridi. Si lazima kubadilisha mfumo wa nyumba nzima. Ni bomba moja la nusu inchi kutoka tangi la juu hadi chooni, na koki yake peke yake. Mabomba mengine yote yabaki kwenye pampu kama yalivyokuwa. Kwa njia hii tangi, bomba na bakuli vyote vinapata maji yenye joto linalokaribia la hewa, na chanzo cha jasho kinaondoka badala ya kufunikwa.

Faida hiyo ni kubwa mno kiasi kwamba, mahali ambapo tangi la juu tayari lipo, sioni sababu ya kuanza na sponji. Hata hivyo njia hii ina masharti yake. Maji ya tangi la juu hushuka kwa uzito wake tu, na kila mita moja ya urefu hutoa mgandamizo mdogo sana, takribani sehemu moja ya kumi ya baa. Valvu za kuingizia maji zilizotengenezwa kwa mgandamizo wa pampu huwa na kitundu chembamba, na tangi linaweza kuchukua robo saa kujaa. Mwombe muuza duka valvu ya mgandamizo mdogo, au fungua ile uliyo nayo uone kama kipunguza mtiririko kilichomo ndani yake kinatoka. Pia bomba lishuke moja kwa moja bila kupanda na kushuka, maana kila mgongo wa bomba hukusanya hewa, na hewa hiyo huweza kuzuia maji yasipite kabisa.

Sharti jingine ni saa ya kupandisha maji. Tangi la lita 1,000 lililoachwa hadi likakaribia kuisha, kisha likajazwa saa kumi na moja jioni, linakuwa tangi la maji ya baridi kwa usiku wote, na jasho litakuja kama kwamba hukubadilisha kitu. Shangazi alikuwa akiwasha pampu jioni kwa sababu ndipo mjukuu wake anaporudi. Tulikubaliana iwashwe asubuhi, tena kabla tangi halijashuka nusu, ili maji mapya yachanganyike na yaliyokwisha kupata joto.

Nyingine, na kwa nini sikuzichagua

Feni ya kutolea hewa ndiyo watu wengi huikimbilia, na ni vyema kujua mahali inapofaa. Ikiwa jasho hutokea baada ya mtu kuoga maji ya moto na hutoweka mlango ukifunguliwa, unyevu unatengenezwa ndani ya nyumba, na feni itautoa. Ikiwa jasho lipo kutwa, hata siku ambazo hakuna aliyeoga humo, unyevu unatoka nje, na feni itakachofanya ni kuvuta hewa nyingine ya masika iliyo sawa na ile inayoitoa. Dirisha la vioo vya kupandana linaifanya kazi hiyo hiyo bila umeme.

Kuna pia valvu inayochanganya maji ya moto kidogo na maji yanayoingia kwenye tangi. Inafanya kazi, lakini inadai nyumba yenye hita kubwa na bomba la maji ya moto linalofika chooni, jambo ambalo nyumba nyingi za huku hazina, kwa kuwa hita zetu ni zile zinazofungwa kwenye bomba la mvua. Kuyapandisha maji lita tisa kwa nyuzi nne tu, mara 20 kwa siku, ni takribani uniti 25 za umeme kwa mwezi. Siwezi kumshauri mtu alipie hizo huku jua linampashia maji juu ya paa.

Tangi la plastiki badala ya kauri hupunguza jasho kwa kiasi, kwani plastiki hupitisha ubaridi polepole zaidi, lakini ikiwa nyembamba na maji ni baridi sana, nayo hulia. Tangi dogo nalo husaidia. Maji lita tisa yakipanda nyuzi tatu hadi kuufikia umande, na nusu ya joto hilo likiwa limeletwa na mvuke unaogeuka maji, matone yanayotokea ni kama mililita 23 kwa kila kuflashi. Kwa nyumba yenye watu saba na mara 20 za kuflashi kwa siku, inakaribia nusu lita sakafuni, na tangi la lita sita lingeshusha kiasi hicho kwa theluthi moja. Ni punguzo la kweli, ila sakafu bado italowa.

Tulichofanya Chumbageni

Tulianza na mpira wa tundu la chini, kwa sababu hakuna dawa nyingine ambayo ingeshinda lita zile zilizokuwa zikipita bure. Siku mbili baada ya kuubadilisha, jasho la usiku lilikuwa limekoma na dimbwi la jioni lilikuwa limepungua, ingawa halikuisha. Kisha fundi, yule yule wa awali, alivuta bomba la mita saba kutoka tangi la juu hadi choo cha ndani, akaweka koki mpya na kuondoa kipunguza mtiririko katika valvu. Tangi sasa hujaa kwa dakika nne. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Nilipima maji ya tangi alasiri ya siku ya tatu yakawa nyuzi 27, hewa ikiwa 28, na nilipopitisha kiganja juu ya kauri kilitoka kikavu.

Bomba la zamani la pampu halikung'olewa, limefungwa tu kwa koki, ili tangi la juu likiishiwa choo kisikose maji. Siku likitumika jasho litarudi, na shangazi anajua sababu.

Kwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa mabomba, na ambaye nyumba yake haina tangi la juu, nafasi ya sponji ndiyo hiyo, kwa makubaliano na mwenye nyumba. Akikataliwa hata hiyo, kinabaki kitrei chembamba chini ya tangi. Kitrei hakizuii jasho, lakini kinaikinga saruji nyeupe ya katikati ya marumaru isiliwe, boliti za bakuli zisishike kutu, na wazee wasiteleze. Kimwagwe na kusuguliwa kila siku mbili au tatu, kwa sababu maji yaliyotulia kwa wiki moja hapa pwani yanatosha kuzalisha mbu.